Kijitabu cha Mahafali: Ratiba, Majina na Herufi Ndogo

Kijitabu cha mahafali kina kazi mbili ambazo hazifanani. Kazi ya kwanza ni kumwongoza mtu aliyeketi ukumbini ajue tukio gani linaendelea, lipi linafuata na wakati gani anapaswa kusimama. Kazi ya pili ni kuorodhesha wahitimu wote. Ratiba hutaka ukurasa wenye maneno machache, unaoeleweka kwa kutupiwa jicho mara moja. Orodha hutaka maneno mengi yakae katika nafasi ndogo bila kusongamana. Vijitabu vingi huharibika kwa sababu msanifu kurasa ameyapanga mambo haya mawili kwa mtindo mmoja: ratiba imebanwa kama orodha, au orodha imepambwa kama ratiba.

Katika vyuo vikuu vingi vikubwa vya Afrika Mashariki, majina yanayosomwa moja moja mbele ya hadhira ni ya wahitimu wa shahada ya uzamivu. Wengine hutunukiwa kwa makundi. Rasi wa Ndaki au amidi huwasilisha wahitimu wa programu fulani, wote husimama, Mkuu wa Chuo hutamka maneno ya kuwatunuku, kisha huketi na zamu hupita kwa kundi jingine. Mzazi aliyesafiri kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam huenda asisikie jina la mwanawe hata mara moja siku hiyo. Mahali pekee atakapolikuta ni kwenye kijitabu, na atalitafuta akiwa amebanwa kwenye kiti, pengine miwani ameisahau nyumbani, watu wakipiga vigelegele pembeni.

Ratiba ya matukio

Mahafali ya chuo kikuu huwa na matukio mengi. Wahitimu na wageni huketi. Maandamano ya kitaaluma huingia, kwa kawaida Mkuu wa Chuo akiwa nyuma kabisa. Wimbo wa Taifa hupigwa, mahafali hufunguliwa rasmi, kisha huja hotuba za Makamu Mkuu wa Chuo na Mwenyekiti wa Baraza la Chuo. Hapo hufuata sehemu iliyowaleta watu, yaani kutunuku shahada na tuzo. Mwishoni mahafali hufungwa, Wimbo wa Taifa hupigwa tena na maandamano hutoka kwa mpangilio uliokubaliwa.

Kosa la kwanza la ratiba ni kuandika saa mbele ya kila tukio. Saa hizo hutoka kwenye karatasi ya mshereheshaji, ambaye anazihitaji kweli ili ajue kama hotuba imezidi dakika zake. Hadhira haizihitaji. Hotuba moja ikizidi dakika 20, saa zote zilizochapwa chini yake hugeuka uongo, na msomaji anayejaribu kujua tukio lipi linaendelea kwa kutazama saa yake hupotea kabisa. Ratiba ya hadhira hutosheka na nyakati tatu: saa ambayo wahitimu na wageni wawe wameketi, saa ya maandamano kuanza, na saa inayokadiriwa kumaliza. Katikati, matukio yapewe namba. Mshereheshaji anaposema, "Sasa tuko namba 7," kila mtu anafika hapo mara moja.

Uandishi wa saa nao una mtego wake. Kijitabu cha Kiswahili huandika saa 3:00 asubuhi, ilhali barua ya mwaliko ya Kiingereza iliyotumwa kwa mgeni huyohuyo imeandika 9.00. Mgeni anayeona "3:00" peke yake, bila neno "asubuhi", anaweza kudhani ni alasiri. Kwa hiyo sehemu ya siku iandikwe kila mara, na pale kijitabu kinapokuwa na lugha mbili, kila safu ifuate saa za lugha yake mwanzo hadi mwisho. Mchanganyiko hutokea hasa siku za mwisho, mtu anaponakili mstari mmoja kutoka kwenye barua na kuubandika kwenye ratiba bila kuugeuza.

Maelekezo ya kusimama huandikwa kwenye mstari uleule wa tukio, au mstari ulio juu yake, kwa herufi za mlalo: "Wote wasimame." Wapo wanaotumia alama ya nyota kando ya tukio, kisha wanaeleza maana yake chini ya ukurasa. Njia hiyo inafaa ikiwa maelezo yapo kwenye ukurasa huohuo. Yakiwa nyuma ya jalada, nyota hubaki pambo tu.

Jambo la mwisho kuhusu ratiba ni mahali pake. Isikatwe na kugeuzwa ukurasa katikati ya matukio. Kurasa mbili zinazotazamana, yaani wa 2 na wa 3, zinatosha kwa ratiba ya kawaida, na mtu hufika hapo kwa kufunua jalada tu. Baadhi ya wasanifu huiweka kwenye jalada la nyuma ili isihitaji kufunuliwa kabisa. Huo ni uamuzi mzuri kuliko unavyoonekana, ingawa wakubwa wa taasisi mara nyingi hupenda jalada la nyuma libaki na picha ya jengo la utawala.

Majina kabla hayajafika kwenye ukurasa

Orodha ya wahitimu hutoka ofisi ya msajili ikiwa kwenye jedwali la Excel, baada ya Seneti kuidhinisha matokeo. Mara nyingi jina lote limeandikwa kwa herufi kubwa, kwa kuwa ndivyo fomu ya udahili ilivyojazwa. Msanifu anayetaka kulirudisha katika herufi za kawaida hutumia fomula kama hii:

```
=PROPER(TRIM(B2))
```

Sehemu ya `TRIM` huondoa nafasi za ziada mwanzoni, mwishoni na kati ya maneno. Si kazi ndogo, kwa sababu jina lililotanguliwa na nafasi tupu hupanda juu ya orodha nzima wakati wa kupanga kwa alfabeti, na mwenyewe akilitafuta kwenye herufi yake halipati. Hata hivyo `TRIM` haioni nafasi ya aina nyingine inayoletwa na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti. Jina likiendelea kukaa mahali pasipo pake baada ya fomula, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kushukiwa.

Sehemu ya `PROPER` ndiyo yenye hatari kubwa kwa majina ya hapa kwetu. Huifanya kubwa kila herufi inayofuata alama isiyo herufi. Kwa hiyo NG'WANDU hugeuka Ng'Wandu, na NYANG'ORO hugeuka Nyang'Oro. Majina yenye ng' ni mengi Usukumani na katika nchi nzima, na kosa hili limechapwa mara nyingi kiasi kwamba wengine huliona la kawaida. Dawa yake ni kutafuta kila jina lenye alama ya ritifaa na kulisahihisha kwa mkono. Hata alama yenyewe ina matoleo kadhaa: mmoja ameandika ritifaa ya kawaida, mwingine amebonyeza alama iliyo juu kushoto mwa kibodi, wa tatu ameiacha kabisa. Zote zitafutwe, kwa maana kutafuta moja hakuleti nyingine.

Baada ya kusafisha huja swali la mpangilio, na hapo panahitajika uamuzi. Utaratibu wa kutanguliza jina la ukoo, kisha mkato, kisha majina mengine, unakaa vizuri kwa familia zenye jina la ukoo linalorithiwa. Kwa watu wa Zanzibar na mwambao haukai vizuri hivyo. Huko jina la mtu hufuatwa na la baba yake na la babu yake, na jina la tatu si la ukoo. Anayeitwa Khamis Juma Ali akichapwa "Ali, Khamis Juma" anakuwa amewekwa chini ya jina la babu, mahali ambapo hata mama yake hatamtafuta. Chuo chenye wahitimu wengi wa aina hiyo kina haki ya kupanga kwa jina la kwanza. Kilicho kibaya ni kuchanganya: kupanga kwa jina la mwisho lakini kuchapa jina kama linavyotamkwa. Hapo jicho linalazimika kutafuta mpangilio wa alfabeti mwishoni mwa mistari yenye urefu tofauti, na orodha huonekana kama haikupangwa kabisa. Jina lililotumika kupanga ndilo litangulie, na kanuni iliyofuatwa iandikwe kwa sentensi moja juu ya orodha.

Namba ya usajili haina kazi ukumbini. Hula upana wa safu, haimsaidii mzazi, na ni taarifa ya mwanafunzi ambayo haifai kusambazwa katika maelfu ya nakala. Namba ya kufuatana, 1, 2, 3, ina faida: huwezesha kuhesabu na kuonyesha pengo. Hiyo ibaki.

Herufi ndogo zinazosomeka

Ukubwa wa herufi hupimwa kwa pointi, na pointi moja ni 1/72 ya inchi, takriban milimita 0.35. Lakini namba hiyo haielezi jinsi herufi itakavyoonekana. Inachokiona msomaji hasa ni kimo cha herufi kama a, n, m na o, yaani mwili wa herufi bila mikia na shingo zake. Fonti mbili za ukubwa uleule zinaweza kupishana sana hapo. Kwa pointi 8, mwili wa Garamond hufikia kama milimita 1.1 tu, Times New Roman karibu 1.3, na Arial karibu 1.5. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2011 kuhusu lebo za vyakula, uliweka milimita 1.2 kuwa kimo cha chini kabisa kwa vifungashio vya kawaida. Kijitabu cha mahafali hakibanwi na sheria hiyo, lakini ni kipimo chenye maana: hakuna sababu ya jina la mhitimu kuwa dogo kuliko orodha ya viungo vya biskuti.

Kimo peke yake hakitoshi. Majina ya Afrika Mashariki yana tabia ambayo fonti lazima iimudu, nayo ni kufanana mwanzoni. Katika orodha ya chuo cha Mbeya, safu nzima inaweza kuanza na Mwa-: Mwaipopo, Mwakalinga, Mwakyusa, Mwambene. Kenya magharibi hali ni hiyohiyo kwa Ochieng, Odhiambo, Okoth, Otieno, Owino. Jicho halipati msaada kwenye herufi ya kwanza. Linatofautisha majina kwenye herufi ya pili, au hata ya nne au ya tano. Kwa hiyo a isiyofunguka vizuri, inayofanana na o, ni kasoro kubwa zaidi hapa kuliko katika makala ya kawaida, ambako maana ya sentensi humsaidia msomaji kukisia.

Kuna majaribio mawili rahisi ya kuchagua fonti. La kwanza ni kuandika Illuminata, jina linalojulikana sana miongoni mwa Wakatoliki wa Tanzania. Katika Arial, herufi tatu za mwanzo ni vijiti vitatu visivyotofautiana. Fonti yenye vikanyagio, kama Times New Roman, huvitenganisha. La pili ni kuandika Bernard kwa ukubwa utakaotumika na kulichapa kwa mashine itakayotumika. Kama r na n zimegusana, jina linasomeka Bemard, na fonti hiyo imebanwa mno.

Waliolishughulikia tatizo hili kwa undani zaidi ni watengenezaji wa vitabu vya simu. Mwaka 1978 kampuni ya simu ya Marekani ya AT&T ilipata fonti iitwayo Bell Centennial, iliyobuniwa na Matthew Carter kwa ajili ya orodha za majina zilizochapwa kwa pointi 6 kwenye karatasi duni. Carter alikata vijipengo kwenye pembe ambako mistari ya herufi hukutana, ili wino unapotapakaa ujaze pengo badala ya kuziba herufi. Ikikuzwa, fonti hiyo huonekana kama imeliwa na panya. Ikichapwa ndogo, ni safi. Funzo la kiufundi linalobaki ni kwamba herufi ya orodha huamuliwa kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi. Kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kinasomeka, maana mtu amekuza ukurasa bila kujua.

Wino na karatasi huweza kuharibu fonti nzuri. Majina yachapwe kwa wino mweusi mtupu. Kijivu huchapwa kwa vidoti, na vidoti hivyo hung'ata kingo za herufi ndogo. Weusi uliotengenezwa kwa kuchanganya rangi zote nne ni mbaya vilevile: sahani moja ikisogea hata kwa upana wa unywele, kila jina hupata kivuli. Nembo ya chuo iliyofifishwa nyuma ya orodha hupendwa sana na wakuu wa vitengo, na huondoa usomekaji katika eneo lile hasa ambako majina ni mengi, katikati ya ukurasa. Karatasi inayong'aa hurudisha mwanga machoni pale mahafali yanapofanyika chini ya maturubai mchana. Karatasi isiyong'aa ya gramu 80 au 90 inatosha kwa kurasa za ndani. Ikiwa nyepesi zaidi ya hapo, majina ya upande wa pili huonekana kwa nyuma. Jalada ndilo linaweza kuwa nene na kung'aa, hasa kwa kuwa kijitabu hicho kitatumika pia kama kipepeo.

Hesabu ya kurasa

Sababu inayotolewa kila mara kwa herufi ndogo kupita kiasi ni gharama: majina ni mengi na kurasa zinakuwa nyingi. Hesabu ya mfano mmoja inaonyesha kwamba nafasi hupotelea kwingine.

Tuchukue chuo chenye wahitimu 1,240 katika programu 24. Kijitabu ni cha A5, yaani milimita 148 kwa 210, kinachopatikana kwa kukunja A4 mara moja na kupigwa pini mgongoni. Baada ya kutoa pambizo, inabaki nafasi ya milimita 122 kwa 184, ambayo hugawanywa katika safu mbili za milimita 59 zenye pengo la milimita 4. Herufi ni za pointi 8.5, na kutoka mstari hadi mstari ni pointi 11. Mistari 47 inaingia katika kila safu, yaani 94 kwa ukurasa.

Upana wa milimita 59 hubeba takriban herufi 39 za ukubwa huo. Namba ya kufuatana na nafasi yake huchukua nne, zinabaki 35 kwa jina. Jina kama "Mwakalinga, Elizabeth Tumaini" lina 29, kwa hiyo linaingia kwa raha. Tuseme majina 50 yamezidi na kuhitaji mstari wa pili. Kila kichwa cha programu kinachukua mistari mitatu pamoja na nafasi yake, jumla 72. Mistari yote inakuwa 1,362, ambayo ni kurasa 15. Tukiongeza ukurasa wa jina, kurasa mbili za ratiba, mmoja wa tuzo na mmoja wa wimbo na maelekezo, jumla ni 20. Idadi ya kurasa za kijitabu cha pini lazima igawanyike kwa 4, na 20 inagawanyika: karatasi tano za A4 pamoja na jalada.

Sasa majina yaleyale yaachwe kwa herufi kubwa kama yalivyotoka kwa msajili. Herufi kubwa ni pana, na majina ya Kibantu yamejaa M na W, ambazo ndizo pana kuliko zote katika alfabeti. Safu ileile sasa inabeba herufi kama 29, na baada ya namba zinabaki 25. Jina la mfano halienei tena. Ikiwa robo ya majina yanapinduka kwenda mstari wa pili, mistari inaongezeka kufikia 1,622, na orodha inakuwa kurasa 18. Pamoja na zile tano za mwanzo zinakuwa 23, na kijitabu hakina budi kuwa na kurasa 24.

Kurasa hizohizo 18 zingeweza kununua kitu kingine. Majina yakiwekwa katika herufi za kawaida za pointi 10.5, mistari ikiachana kwa pointi 13, safu inabeba mistari 40 na jina linapata nafasi ya herufi 28. Hata kama majina 120 yatapinduka, mistari ni 1,432, na kwa mistari 80 kwa ukurasa orodha inaishia kwenye ukurasa wa 18. Chuo kinacholipa kurasa 24 kwa ajili ya herufi kubwa za pointi 8.5 kingeweza kuwapa wazazi herufi za pointi 10.5 kwa bei ileile.

Anayetetea herufi kubwa husema zinatoa heshima, na kwa jina moja lililoandikwa kwenye cheti ana hoja. Katika orodha ndefu mambo hubadilika. Maneno yote huwa na umbo la mstatili mmoja, bila mikia wala shingo za kulitambulisha jina kwa mbali, na jicho hulazimika kusoma kila moja badala ya kulipita. Ikiwa lazima kuwe na herufi kubwa, ziwe kwa jina lililotumika kupanga tu. Njia iliyo bora zaidi ni kulikoza jina hilo na kuyaacha mengine katika wino wa kawaida.

Mistari ya jedwali ni upotevu mwingine. Orodha ikinakiliwa moja kwa moja kutoka Excel huja na vyumba vyenye mipaka, na kila chumba kina nafasi yake tupu pande zote. Mipaka hiyo hukata safu na kulifanya jicho lisome mistari badala ya majina. Ikiondolewa, nafasi kati ya mistari ya maandishi inatosha kuwatenganisha watu.

Kukatika kwa safu nako kuna sheria zake, ingawa ni chache. Kichwa cha programu kisiachwe chini ya safu wakati majina yake yameanzia juu ya safu inayofuata. Programu inayovuka ukurasa irudie kichwa chake na neno "inaendelea", kwa kuwa mtu hufungua kijitabu popote. Juu ya kila ukurasa wa orodha kuwe na jina la ndaki pamoja na programu zilizomo. Kuweka herufi A, B, C kama vichwa ndani ya programu yenye watu 50 hakuna faida, kwani nusu yao huenda wote wako kwenye M, K na N.

Prufu na makosa ya dakika za mwisho

Makosa ya tahajia huonekana na kuudhi, lakini jina lililokosekana kabisa ni kosa kubwa zaidi, na mara nyingi halitokani na ofisi ya msajili. Katika programu ya InDesign, maandishi yakizidi kisanduku chake, yaliyobaki hufichwa na kisanduku huonyesha alama nyekundu ya kujumlisha kwenye pembe ya chini. Asiyeiona hupeleka kiwandani orodha ambayo majina ya mwisho ya programu hayapo. Namba za kufuatana hulifichua kosa hili upesi: idadi iliyoidhinishwa na Seneti kwa kila programu iandikwe pembeni, kisha ilinganishwe na namba ya mwisho iliyochapwa. Kazi hiyo kwa programu 24 ni ya dakika chache.

Usomaji wa prufu hufanywa na watu wawili. Mmoja husoma kwa sauti kutoka kwenye orodha ya Seneti, mwingine hufuata kwa kalamu kwenye prufu iliyochapwa kwa ukubwa halisi. Mtu mmoja anayesoma peke yake husoma anachokitarajia, na baada ya Mwakalinga watatu mfululizo hatamwona wa nne aliyeandikwa Mwakalinda.

Kila mwaka kuna majina yanayoidhinishwa baada ya kurasa kufungwa. Kuliingiza jina moja katikati husukuma mengine yote na huweza kuharibu ukataji wa safu katika kurasa kadhaa mbele. Wasanifu wazoefu huanzisha kila ndaki kwenye ukurasa mpya, na kuacha mistari michache wazi mwishoni mwake, ili msukumo uishie hapo hapo. Kurasa zikishatengenezewa sahani za uchapaji hilo nalo haliwezekani tena, na njia inayobaki ni karatasi ya nyongeza iliyochomekwa ndani ya kijitabu, ambayo hudondoka mtu anapokifungua.

Ndiyo maana vyuo hubandika orodha ya awali kwenye mbao za matangazo na tovuti wiki kadhaa kabla ya mahafali, pamoja na tarehe ya mwisho ya kupokea marekebisho. Mhitimu alitafute jina lake hapo mapema, ahakikishe kila herufi na mpangilio wa majina yake matatu, na apeleke sahihisho kwa maandishi kwa msajili kabla ya tarehe hiyo.